Rupia za Adija Zisizo na Cheti

Adija binti Farahani hakujua kukaa. Wenzake waliouza chakula mbele ya stesheni ya Dodoma walikaa kwenye vigoda vyao wakisubiri gari moshi lipige honi. Yeye alikoroga uji, akaacha mwiko, akaenda kuchungulia reli, akarudi kukoroga, akainuka tena kumtafuta mtu fulani anayedaiwa. Kigoda chake kilikaliwa na paka zaidi kuliko alivyokikalia mwenyewe. Watu wa mjini walimcheka kwamba miguu yake ilikodiwa na mtu mwingine, na hawakukosea sana. Ilikodiwa na mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Jaha, na alikuwa Kondoa, mtumwa wa Mzee Mbaruku. Adija mwenyewe alizaliwa katika nyumba ileile. Alijikomboa kwa kufua nguo za askari, siku zake mbili za wiki ambazo serikali ya Mjerumani iliamuru mtumwa aachiwe afanye kazi yake mwenyewe. Siku alipopewa hati ya uhuru alishuka Dodoma kwa miguu, kwa sababu alisikia reli inakuja na penye reli pana watu wenye njaa. Aliondoka hakuaga vizuri. Hilo ndilo lililomsumbua, kwamba alipopata hati alikuwa na haraka ya kuondoka kabla mtu hajabadili mawazo, akamwacha Jaha anatwanga.

Boma la Kondoa lilikuwa limeandika bei ya Jaha: rupia hamsini. Sheria ilikuwa hivyo, mtumwa akitaka kujikomboa, boma ndilo linalokata bei, na bwana wake akiletewa hiyo bei lazima apokee. Mwaka huo, mwaka wa 1912, reli ilikuwa imeshapita Dodoma na kufika Tabora. Mzee Mbaruku naye akatangaza kwamba anahamia Tabora kwa ndugu zake, yeye na watu wake wote, kabla ya Rajabu kuisha.

Habari hiyo ilimfikia Adija ikiwa imebaki wiki mbili. Tangu hapo hakulala vizuri. Aliogopa kwamba Tabora ni mbali, bei itakatwa upya, na hakuna atakayejua kwamba Jaha ana dada.

Rupia hamsini Adija alikuwa nazo. Shida ni mahali zilipokuwa. Ishirini zilikuwa chini ya jiwe la jiko. Thelathini zilikuwa kwa Yotham, Mgogo wa Hombolo.

Hapa ni lazima niseme wazi jambo ambalo ndugu zake hupenda kulipitia haraka. Adija alikopesha fedha kwa faida. Alianza kwa kukopesha uji tu. Vibarua wa reli walikula leo wakalipa siku ya mshahara. Halafu wakaomba rupia moja, rupia mbili, akawapa, na kila rupia, yenye heller mia, ilizaa heller kumi kwa mwezi. Aliyekopa aliacha rehani: panga, shuka, blanketi. Waswahili wenzake wa msikitini walimnong'oneza kwamba riba ni haramu, kisha wakaja wenyewe jioni na kanga mkononi. Yeye aliwajibu kwamba ataomba toba mdogo wake akishatoka, kwa sasa ana haraka.

Na cheti alikuwa nacho. Hilo ndilo alilojivunia kuliko jambo lingine lolote. Kila mwanzo wa mwaka alikwenda boma, akalipa ada, akapewa karatasi yenye maandishi ya Kijerumani na muhuri wa tai. Karani wa wakati ule alimwambia, "Hii ndiyo ruhusa yako ya biashara," naye akaikunja ndani ya kopo la bati. Mkopaji mpya akisitasita, Adija alilifungua kopo akamwonyesha tai. Hakuna aliyeweza kusoma lile andiko, si yeye wala wao, lakini tai alionekana vizuri, na kila mtu aliridhika. Kwake yeye hesabu ilikuwa rahisi: kukopesha ni biashara, ruhusa ya biashara anayo, basi.

Barabara ya pili kutoka stesheni palikuwa na duka la Mhindi lenye kibao ukutani. Mwenye duka alikopesha kwa rehani pia. Kibao kilisema kwa Kiswahili na kwa Kijerumani kwamba kila rupia inazaa heller mbili kwa mwezi na si zaidi. Aliandika kila kitu kwenye daftari, akatoa stakabadhi, na rehani iliyopitiliza muda aliipeleka ikanadiwe hadharani. Hakupokea majembe wala blanketi zilizochanika. Adija alimwona mtu asiye na maarifa. Mtu gani anayetaka heller mbili wakati watu wako radhi kutoa kumi?

Yotham alikuja kwake kabla ya mavuno. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, aliyebatizwa misheni ya Buigiri, na aliswaga ng'ombe kutoka Hombolo kuwauzia wachinjaji wa stesheni. Alitaka kununua ng'ombe wengi kwa mara moja, na rupia zake zilipungua. Mwenye duka la kibao alimtaka aache mapambo ya fedha au pembe za ndovu, naye hakuwa navyo. Adija alimpa rupia thelathini, nyingi kuliko alizowahi kumpa mtu. Yotham akamwachia rehani ng'ombe jike anayekamuliwa.

Miezi minne Yotham alileta rupia tatu za faida kila mwezi, bila kukumbushwa. Kisha ng'ombe aliowanunua wakapata ugonjwa, wakafa saba. Miezi mitatu hakuonekana. Yule jike alibaki uani kwa Adija, na maziwa yake yaliingia kwenye uji, uji ukawa na sifa mpaka kwa mafundi wa Kigiriki.

Basi habari ya Mbaruku ilipofika, Adija alimfungua yule ng'ombe, akampeleka kwa mchinjaji. Mchinjaji akamtazama ng'ombe, akamtazama Adija, akasema huyu ni wa Yotham, alama yake naijua, niletee mwenyewe au niletee karatasi ya boma. Adija akasema vizuri. Akamrudisha ng'ombe, akachukua kopo lake la bati, akaenda boma kushitaki. Alikwenda mbio, akifurahi kwamba leo ile karatasi itafanya kazi.

Karani wa zamu siku hiyo alikuwa Athuman, kijana wa mjini aliyesoma shule ya serikali Tanga, na alikuwa mteja wake wa uji.

"Bi Adija, umekuja kulipa ada mapema?"

"Nimekuja kudai. Yotham wa Hombolo nina rupia zangu thelathini kwake, na faida ya miezi mitatu, rupia tisa. Cheti changu hiki hapa."

Athuman aliifungua karatasi. Aliisoma mara moja, akaisoma tena, akaenda kufunga mlango wa ofisi. Adija hakupenda ule mlango kufungwa.

"Dada yangu, hiki ni cheti cha kuuza chakula kilichopikwa."

"Ndiyo, cha biashara."

"Cha chakula. Uji, maandazi, maharage, vimeandikwa hapa. Kukopesha hakumo. Anayekopesha watu kwa rehani na faida ana cheti chake mbali, na ada yake mbali. Ada hiyo peke yake ingemeza sufuria zako zote. Lazima aweke daftari, atoe stakabadhi, asivuke heller mbili. Wewe unatoza ngapi?"

Adija alilifunika kopo la bati.

"Usiniambie," Athuman akasema. "Sijaandika bado."

"Karani wa kwanza aliniambia ruhusa ya biashara."

"Alikwambia kweli. Ya biashara ya chakula." Akashusha sauti. "Nisikilize vizuri. Ukisimama mbele ya bwana shauri anayekata kesi ukasema nilikopesha kwa faida, atakuuliza cheti. Huna. Faida unayodai haitasikilizwa. Faida uliyokwisha kula itahesabiwa ni deni lililolipwa, itatolewa kwenye zile thelathini. Rehani itarudi kwa mwenyewe. Na wewe utatozwa faini. Mtaji uliobaki ndio utaambiwa ulipwe, basi. Alikulipa faida kiasi gani?"

"Kumi na mbili."

"Basi zinabaki kumi na nane, na faini juu."

Adija akainuka, akaenda dirishani, akarudi. "Nahitaji thelathini. Zikipungua hata moja hazinifai kitu."

Athuman alijua habari ya Jaha. Stesheni nzima iliijua. Alichezea kalamu kwa muda, kisha akasema neno ambalo karani hapaswi kusema. "Mtu akimsaidia rafiki mara moja, bila faida, hiyo si biashara. Haitaki cheti. Bwana shauri ataamuru rafiki arudishe zote. Lakini hapo rafiki lazima aseme hakulipa kitu."

Akaandika mashitaka: mkopo wa rupia thelathini. Faida hakuiandika. Askari akatumwa Hombolo kumwita Yotham kwa shauri la Jumatatu. Gari moshi la Mbaruku lilikuwa la Jumamosi inayofuata.

Siku zile za katikati Adija alizitembea zote. Alitembea mpaka Kizota na kurudi bila haja. Uji uliungua mara mbili. Usiku alimwendea ng'ombe uani akasimama naye, maana naye alikuwa macho. Alijiuliza Yotham atasema nini, akajijibu kwa sauti yake, kisha kwa sauti ya Yotham, na kila mara Yotham alijibu vibaya.

Jumatatu alfajiri alimkuta Yotham langoni pa boma, ameketi juu ya mgolole wake, vumbi la Hombolo mpaka magotini.

"Shikamoo, mama," Yotham alisema, ingawa alimzidi umri. Mdaiwa huwa na adabu.

"Marahaba. Yotham, sikiliza, hatuna muda." Akamweleza yote, cheti, heller mbili, kumi na mbili, akianza jambo moja kabla ya lingine kwisha vizuri. Kisha akamweleza habari ya Jaha. Hakuwahi kumweleza mdaiwa wake yeyote habari hiyo. "Wewe useme hujalipa kitu. Ulikuwa urafiki tu. Zile kumi na mbili nitakurudishia, hata kama ni miaka miwili."

Yotham aliangalia chini. "Wataniapisha."

"Labda hawatakuapisha."

"Mimi ni mtu wa Kitabu, mama. Wataniapisha." Akakung'uta vumbi magotini. "Ana umri gani huyo mdogo wako?"

"Sijui. Nilimbeba mgongoni nikiwa na miaka saba."

Wakaitwa ndani kabla hajasema lingine.

Bwana shauri alikuwa Mjerumani mwembamba mwenye mafua ya vumbi. Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini kilitosha. Mezani palikuwa na daftari, na kando yake vitabu viwili, Msahafu na Biblia, kila kimoja kimefungwa kwa kitambaa chake. Kiboko kilining'inia ukutani nyuma yake. Athuman alikaa pembeni na kalamu, hakumtazama mtu.

"Wewe mama. Ulimpa huyu fedha?"

"Nilimpa, bwana. Rupia thelathini."

"Kwa faida?"

"Kwa urafiki."

Bwana shauri akapenga kamasi. "Mgogo na mwanamke wa stesheni, urafiki wa rupia thelathini. Na ng'ombe wake yuko kwako. Urafiki gani unashika ng'ombe?"

"Ananitunzia," Yotham akadakia. Adija alishtuka kumsikia.

"Na maziwa nani anakunywa?"

"Yeye. Kwetu anayetunza ng'ombe wa mwenzake maziwa ni yake. Hayadaiwi." Hilo lilikuwa kweli, na alilisema kwa utulivu wa mtu anayesema kweli.

"Vema. Na fedha umelipa kiasi gani?"

Yotham alimgeukia Adija. Bwana shauri akafungua kitambaa cha Biblia, akaisukuma mbele. "Weka mkono. Uape kwanza, useme baadaye. Ukiapa uongo, viboko ishirini na tano."

Adija aliutazama ule mkono ukienda. Ulikuwa mkono mpana wenye kovu la kamba. Aliona midomo ya Yotham ikifunguka, na akajua, kama anavyojua uji ulioiva, kwamba anakwenda kusema sijalipa kitu. Anakwenda kumpa zile thelathini.

Sitasema kwamba alikuwa mwema. Alitamani aseme. Alimwombea aseme upesi. Lakini huko Kondoa, akiwa msichana, Mzee Mbaruku aliwahi kumpeleka mbele ya kadhi aape kwamba mbuzi fulani walizaliwa zizini kwao, naye akaapa, kwa sababu mtumwa aliyeamriwa kuapa huapa. Mwenye mbuzi alikuwa mjane. Tangu siku hiyo Adija hakuweza kusikia mtu akiapishwa bila kumkumbuka yule mjane. Sasa aliyemwamuru mtu kuapa alikuwa yeye. Alijichukia, akachukia na zile thelathini.

"Bwana, mwambie atoe mkono," alisema. "Amelipa kumi na mbili. Zilikuwa za faida. Heller kumi kwa kila rupia, kila mwezi."

Kalamu ya Athuman ikasimama. Yotham akaurudisha mkono wake taratibu na kuushika kwa mkono wa pili.

"Una cheti cha kukopesha?"

Adija akalifungua kopo la bati, akaitoa karatasi, akaiweka mezani. Bwana shauri alisoma, na kwa mara ya kwanza alitabasamu kidogo. "Maharage," akasema.

Hukumu haikuchukua muda. Mkopo wa mtu asiye na cheti haudaiwi faida katika boma hili. Kumi na mbili zilizolipwa ni sehemu ya mtaji. Yotham atalipa kumi na nane na si heller zaidi. Ng'ombe arudi kwake leo. Rehani zote nyingine zilizo nyumbani kwa mama huyu zirudi kwa wenyewe ndani ya siku tatu, kila mmoja ahesabiwe vilevile. Faini rupia kumi, na akikamatwa tena anakopesha, kifungo.

"Cheti cha chakula kinabaki," bwana shauri aliongeza. "Uji wako si shauri langu."

Kutoka boma walikwenda pamoja mpaka kwa Adija. Yotham akamfungua ng'ombe uani, akampeleka moja kwa moja kwa mchinjaji, maana sasa alikuwa mwenyewe na karatasi anayo. Alirudi jioni. Ng'ombe alimpatia rupia ishirini na nne. Akahesabu kumi na nane juu ya kigoda.

"Zilizobaki sita ni kodi ya nyumba yangu na ya mama yangu," alisema. "Nisipolipa nitapelekwa kazi ya barabara. Ningekuwa na zaidi ningekupa."

"Najua."

"Ningeapa, mama."

"Najua, ndiyo maana." Hakutaka kuliendeleza. Alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu. Ishirini za chini ya jiwe, na hizi kumi na nane, toa faini kumi. Ishirini na nane. Alizihesabu tena kana kwamba zinaweza kuona aibu zikaongezeka.

Siku mbili zilizofuata wenye rehani walikuja mmoja mmoja. Wengi walikuwa wamefuata reli Tabora na mapanga yao hayakuwa na wa kuyadai, na waliokuja hawakuwa na deni la maana lililobaki. Aliyemuumiza ni mzee Sila, kibarua wa kokoto. Alikopa rupia mbili, akaacha blanketi, akalipa heller ishirini kila mwezi kwa miezi kumi na moja. Athuman, aliyekuja kusimamia hesabu, akaonyesha kwenye karatasi kwamba Sila amelipa rupia mbili na heller ishirini. Hadaiwi. Anadai. Adija alimhesabia heller ishirini za uji mkononi, akampa na blanketi. Sila alilinusa, akasema, "Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali," bila ubaya wowote, akaondoka nalo begani. Adija alikaa kwenye kigoda chake siku hiyo. Paka alilazimika kushuka.

Lakini Alhamisi alikuwa amesimama tena. Bado zilipungua rupia ishirini na mbili zitimie hamsini. Alizunguka kwa wenzake wa stesheni, nao walikuwa na huruma nyingi na fedha hakuna. Basi Ijumaa alibeba sufuria zake zote tatu, na sinia, na birika yake ya shaba, akaenda barabara ya pili kwenye duka la kibao.

Mwenye duka aligonga kila sufuria kwa kidole, akasikiliza. "Sita," akasema.

"Birika peke yake nilinunua kwa nne."

"Ikiuzwa hapa mnadani itapata mbili. Siwezi kukupa rupia ambayo kitu chako hakina. Boma linakagua daftari langu." Akaandika, akamsomea: rupia sita, heller mbili kwa kila moja kwa mwezi, jumla heller kumi na mbili, miezi sita, baada ya hapo mnada. Akamchania stakabadhi. Adija aliishika mkononi muda mrefu. Alitaka kuona tai. Palikuwa na jina lake tu, na orodha ya vyombo vyake. Kwa mara ya kwanza akaona kwamba karatasi ya namna hii yeye hakumpa mtu hata mmoja.

Thelathini na nne. Alidhani Mzee Mbaruku ataona haya mbele za watu, atapokea.

Jumamosi walifika asubuhi, msafara mzima kutoka Kondoa, wamechoka, mizigo vichwani. Mzee Mbaruku alikuwa na kanzu safi hata baada ya safari ile. Jaha alikuwa wa nyuma, na furushi la vyungu. Alikuwa amekuwa mtu mzima. Adija alimpita kwa macho mara mbili kabla hajamtambua, na hilo lilimuuma kuliko faini.

Akamwendea mzee kwanza, kwa sababu honi ilikuwa karibu. "Shikamoo, bwana."

"Marahaba, Adija. Umenenepa."

"Nimekuja kumkomboa Jaha. Nina thelathini na nne, taslimu, hapa. Nyingine utazipata."

Mzee Mbaruku akatoa karatasi kutoka mfukoni, akamwita Athuman aliyekuwa amesimama pale akijifanya ana kazi stesheni. "Soma hiyo, karani."

Athuman akasoma. "Rupia hamsini. Muhuri wa Kondoa."

"Nilitaka mia," mzee alisema kwa upole. "Boma likanikatia hamsini. Sikuruhusiwa kuomba hamsini na moja, nikanyamaza. Sasa wewe unaniambia nipokee thelathini na nne. Imeandikwa hamsini, binti yangu. Mimi nafuata kilichoandikwa."

Adija akazifunga tena rupia zake. Alitafuta hata tusi akakosa.

"Karatasi hii Tabora ina nguvu?" Athuman akauliza, akijijibu mwenyewe kwa sauti ili kila mtu asikie. "Ina nguvu. Muhuri ni wa serikali moja. Bei haipandi."

Watu walianza kupanda. Adija akamkimbilia Jaha, akamshika mikono yote miwili pamoja na kamba ya furushi. Walitazamana. Jaha ndiye aliyeongea kwanza.

"Dada, nimesikia tangu Kondoa kwamba unauza uji hapa, uji wa maziwa. Tumetembea siku sita nikiuwaza. Nina njaa."

Mahali pa jiko palikuwa na majivu na mafiga matatu. Adija alifungua mdomo aeleze sufuria ziko wapi, akashindwa. Akalia pale, mbele ya mafundi na askari na mchinjaji, mtu ambaye stesheni nzima haikuwahi kumwona analia. Mwenzake mmoja akaleta andazi upesi. Jaha akalila kwa pupa, akimfuta dada yake machozi kwa kiganja cha pili.

"Zimebaki ngapi?" Jaha akauliza.

"Kumi na sita. Lakini sita katika hizi nilizo nazo si zangu, nimekopa. Basi ni ishirini na mbili."

Jaha akahesabu kwa vidole, kwa shida, maana hakuna aliyewahi kumpa kitu cha kuhesabu. Honi ikalia. Mzee Mbaruku akaita jina lake, akalirudia. Jaha akapanda behewa la wazi na furushi lake, akapata nafasi ukingoni, akainama chini.

"Nina siku zangu mbili za wiki, dada. Hata Tabora ni zangu. Zigawe hizo ishirini na mbili. Wewe tafuta kumi na moja, mimi nitafute kumi na moja."

"Usikope," Adija alimwambia, akienda sambamba na behewa. "Jaha, unasikia? Usikope kwa mtu yeyote."

"Sikopi."

Gari moshi likaanza kumshinda mwendo. Alikwenda nalo mpaka mwisho wa kokoto, kisha akasimama. Halafu akageuka, akaenda haraka kuelekea barabara ya pili na rupia sita na heller kumi na mbili mkononi, ili jioni uji uwe jikoni.